Chaja ya wati 65, simu ya wati 25, na saa tatu za kungoja

*Fundi, nilinunua chaja ya wati 65 mjini, ina matundu matatu, mawili ya USB-C na moja la USB-A. Simu yangu ni Samsung ya wati 25, betri 5000. Ikichajiwa peke yake inajaa haraka sana. Lakini jioni nikifika nyumbani Kayole nachomeka laptopu, simu na kikasha cha vipokea sauti vya masikioni, vyote pamoja, na hapo simu inachukua saa tatu na zaidi. Aliyeniuzia anasema stima ya mtaani kwetu ni hafifu. Jirani anasema nimeuziwa feki. Nani mkweli? Nimekutumia picha ya maandishi ya mgongoni.*

Dada yangu, wote wawili wamekosea, na ajabu ni kwamba jibu lako umelinunua pamoja na chaja. Limeandikwa palepale mgongoni kwa herufi za kijivu ndogo kama chawa. Nimeivuta picha yako mpaka ikasomeka:

```
INPUT: 100-240V~ 50/60Hz 1.5A
C1: 65W Max
C2: 25W Max (PPS)
A: 18W Max
C1+C2: 45W+20W
C1+A: 45W+18W
C2+A: 15W (5V/3A)
C1+C2+A: 45W+15W
```

Kwanza tuiondolee stima lawama. Mstari wa juu unasema chaja inapokea chochote kati ya volti 100 na 240. Soketi zetu ni za volti 240, na hata zikishuka mpaka 200 saa za jioni kila mtu akiwa amewasha pasi na jiko, chaja ya namna hii hujirekebisha na kutoa kilekile. Isitoshe, wati 65 kwa volti 240 ni zaidi kidogo tu ya robo ya ampea, na soketi ya ukutani imetengenezwa kwa ampea 13. Taa zako zingekuwa zinazimika na kuwaka kabla chaja haijahisi njaa. Kuhusu feki, umesema simu ikiwa peke yake inajaa haraka. Chaja feki kwa kawaida haijui hata kuongea na Samsung ya wati 25 kwa lugha inayoitaka. Yako inaijua.

Sasa shuka hadi mstari wa mwisho, ule wenye matundu yote matatu. Anayeusoma haraka huona 45 na 15, akadhani laptopu inapata 45 na kila kimoja cha vingine kinapata 15. Sivyo. Zile wati 15 ni za C2 na A kwa pamoja. Simu yako na kile kikasha kidogo cha vipokea sauti vinakula sahani moja, na sahani yenyewe ni ya volti 5.

Mambo mawili yanachangia hapa, na ni vizuri uyaone moja moja.

La kwanza ni ahadi. Chaja za USB-C hazimwagi tu umeme. Ukichomeka laptopu, chaja inaiambia: ninaweza kukupa hiki, hiki na hiki, laptopu inachagua, chaja inakubali. Baada ya hapo chaja imefungwa na neno lake. Ikiwa imeahidi wati 45, lazima wati 45 ziwepo kila sekunde, hata kama kwa sasa laptopu inanywa 20 tu, kwa sababu ukifungua video nzito itazidai palepale. Kwa hiyo chaja haigawi kwa kuangalia nani ana njaa. Inagawa kwa kuangalia viti vilivyokaliwa. Laptopu iliyojaa asilimia 100 na kulala bado imekalia kiti chake cha wati 45, nawe unashangaa mbona simu haipati nafuu. Zipo chaja za bei ya juu zinazopima kila baada ya muda na kumpunguzia aliyeshiba ili kumwongezea mwenye njaa. Yako, kwa jedwali hili, ni ya viti.

La pili ndilo linalokuumiza wewe hasa. Ndani ya chaja kuna sehemu moja kubwa inayobadilisha umeme wa ukutani, kisha kuna vipunguza volti vidogo vinavyolisha matundu. C1 ina chake. C2 na A wanashiriki kimoja, maana kuweka vitatu kungeongeza gharama na ukubwa. Fikiria sufuria moja ya maharagwe na walaji wawili, mmoja anataka pilipili kali na mwingine ana vidonda vya tumbo. Mpishi mwenye sufuria moja hana hila: atapika bila pilipili. Simu yako ikiwa peke yake kwenye C2 inaomba volti 9 hivi, na kipunguza volti kinaitikia. Kikasha cha vipokea sauti kwenye A kinataka volti 5, na volti 9 zingekiunguza. Sufuria ni moja. Papo hapo wote wanashushwa hadi volti 5, iliyo salama kwa kila mtu, na simu inabaki kutafuna maharagwe baridi.

Ona basi kwamba mwizi wako si laptopu, au si yeye peke yake. Ni kile kikasha kidogo ambacho betri yake haifiki hata sehemu ya kumi ya betri ya simu. Soma tena mstari wa C2+A: hata bila laptopu kabisa, simu na kikasha vinabaki na wati 15 za kugawana, huku wati 50 zikiwa zimelala bure.

Nina chaja yenye jedwali kama lako hapa kwenye meza yangu, kwa hiyo jana niliipima badala ya kukuhubiria tu. Nilitumia Samsung ya wati 25 ikiwa na asilimia 30, na kati ya waya na simu nikaweka kipima kidogo cha USB-C, kile kidude chenye kioo kinachoonyesha volti na ampea. Simu peke yake kwenye C2: volti 8.9, ampea 2.6, yaani wati 23. Kioo cha simu kikaandika `Super fast charging`. Nikachomeka laptopu kwenye C1. Kipima kikazimika kabisa kwa kama sekunde moja, simu ikalia ule mlio wake wa kuunganishwa, kisha namba zikarudi: volti 9, ampea 1.65, wati 15 hivi. Neno `Super` lilikuwa limeondoka, limebaki `Fast charging`.

Hapo pia kuna jambo, kwa sababu C2 ilikuwa bado inaruhusiwa wati 20 na simu ikachukua 15. Samsung hizi hupata kasi yao ya juu kwa njia iitwayo PPS, ambapo simu inaagiza volti kwa vipimo vidogo vidogo inavyoipendeza. Jedwali lako linaitaja PPS kwa C2 ikiwa peke yake tu. C1 ikikaliwa, chaja hii inaiondoa PPS kwenye orodha ya inavyoahidi, na simu inarudi kwenye volti 9 za kawaida, ambako yenyewe hujiwekea kikomo cha kama wati 15. Chaja haikuibana hapo, simu ilijibana.

Kisha nikachomeka kikasha cha vipokea sauti kwenye A. Kipima kikazimika tena, kikarudi na volti 5.0, ampea 1.5. Wati saba na nusu. Kioo cha simu kilionyesha `Charging` kavu, bila `fast` ya aina yoyote. Laptopu wakati huo wala haikujua kuna lililotokea zaidi ya kule kuzimika kwa sekunde. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, taa ya kikasha ilikuwa imezimika, kimejaa, na simu bado ilikuwa kwenye volti 5. Kuna chaja ambazo zikiona mkondo wa tundu la A umepungua sana kwa muda huhesabu kiti kiko wazi na kurudisha mambo yalivyokuwa. Hii haikurudisha mpaka nilipouchomoa waya kwa mkono. Nilipouchomoa tu, volti 9 zikarudi.

Ile sekunde ya kuzimika, kwa njia, ni chaja kuvunja ahadi zote na kuanza kuahidi upya. Haina madhara kwa simu wala laptopu, zina betri. Lakini nimeona watu wanaowasha ruta ya waifai kwa waya wa USB kutoka chaja ya namna hii ili kuokoa soketi. Kila mtu wa nyumba akichomeka simu, ruta inajizima na kuwaka, kisha lawama zote wanatupiwa watu wa intaneti.

Twende kwenye saa zako tatu tuone kama zinaingia kwenye hesabu. Betri ya mAh 5000 inabeba kama saa-wati 19, yaani inaweza kutoa wati 19 kwa saa nzima. Tuseme unaanza na asilimia 20 na unataka 80, hiyo ni asilimia 60, karibu saa-wati 12, na ukiongeza kinachopotea kama joto njiani unahitaji kutoa kama 14. Kwa wati 23 hiyo ni chini ya dakika 40. Kwa wati 15 ni kama saa moja. Kwa wati saba na nusu ni karibu saa mbili, ukiwa umeiacha simu imelala. Ukiwa unaitazama huku inachaji, kioo na mtandao vinaweza kula wati mbili au zaidi, na kilichobaki kwa betri ni kidogo mno. Ongeza ile asilimia 20 ya mwisho, ambayo kila simu huijaza polepole kwa makusudi, na saa tatu na zaidi zinapatikana bila uchawi.

Sasa dawa, na ya kwanza haina gharama. Acha tundu la A wazi wakati simu iko C2. Chomeka kikasha kwenye tundu la USB la laptopu yako. Kinataka umeme mdogo sana na laptopu itakipa bila kusikia. Jedwali basi linapanda hadi mstari wa C1+C2, simu inapata zile 15 zake, na muda wako unakatika karibu nusu bila kununua chochote. Ukitaka, unaweza pia kuhamishia simu kwenye A ukaacha C2 wazi, mstari wa C1+A unaruhusu wati 18. Lakini waya wa A utakaoutumia lazima uwe wa kuchaji haraka, na mingi iliyotapakaa nyumbani siyo. Mimi ningebaki na C2.

Ya pili ni ya siku una haraka. Chomoa laptopu kwa dakika 40, iendeshe kwa betri yake, umwachie simu chaja nzima. Watu wengi huona hili kama kuinyima laptopu haki yake, lakini laptopu yenye betri nzima haidhuriki kwa kuchomolewa, ilhali simu inatoka 20 hadi 80 wakati ugali unaiva. Ukipenda kuiweka simu C1 badala ya C2, usiogope ile 65W Max, ila jedwali halitaji PPS kwa C1, kwa hiyo kwa haraka C2 ndiyo ya uhakika. Simu inavuta inachoagiza tu. Hakuna chaja inayoisukumia kwa nguvu.

Usichofanya ni kubadilisha viti ukaweka laptopu C2 na simu C1 ukitumaini mgawo utageuka. Kwenye chaja yako mgawo umefungwa kwenye tundu, si kwenye kifaa. Laptopu itapewa wati 20, na laptopu nyingi zikiona hizo zitakataa kuchaji kabisa, au Windows itakulalamikia kwamba chaja ni ya polepole, huku betri ikipungua ukiwa umechomeka.

Ya tatu ndiyo ninayoitumia mwenyewe nyumbani: chaja ndogo ya wati 25 yenye PPS kwa simu, kwenye soketi yake, na ile kubwa kwa laptopu na vitu vidogo. Chaja mbili tofauti hazigawani chochote. Najua uliinunua hii ili upunguze vichwa kwenye ekstensheni, na nakuelewa, lakini kwa mahitaji yako hesabu ya kichwa kimoja inahitaji chaja kubwa zaidi kuliko uliyonayo.

Ukiamua kwenda hiyo njia ya kichwa kimoja, usidanganywe na namba kubwa iliyoko mbele ya boksi. Ile ni jumla, na mara nyingi ni ya tundu moja likiwa peke yake. Ukiwa Luthuli Avenue au popote, omba boksi, geuza, tafuta mstari wa mchanganyiko unaofanana na jioni yako: laptopu na simu kwa pamoja. Kama laptopu yako ilikuja na chaja ya wati 65, unatafuta mstari unaosema C1+C2 ni 65W+30W au karibu na hapo, jambo ambalo kwa kawaida linakupeleka kwenye chaja ya wati 100. Halafu tafuta kama PPS imetajwa kwa C2 hata C1 ikiwa na kitu. Mwisho, angalia mstari wa C2+A. Ukiona 5V hapo, ni sufuria moja ileile, hata kama imeandikwa 100W kwa dhahabu. Herufi zikikushinda, zipige picha na simu uvute, kama nilivyofanya na yako. Muuzaji akikuharakisha au boksi lisiwe na jedwali lolote, rudisha.

Bado kuna wasiwasi wa jirani yako, na unaweza kuumaliza wewe mwenyewe jioni moja. Acha laptopu ishuke chini ya asilimia 20, chomeka laptopu peke yake kwenye C1 kwa kipima katikati, kisha uifungulie kazi nzito. Kipima kionyeshe volti 20, na mkondo unaokaribia ampea 3 kama laptopu inaweza kuvuta hivyo. Ukipata volti 20 na ampea 3 unatazama wati 60, na tano zinazokosekana ni za waya: waya wa kawaida wa USB-C unaruhusiwa ampea 3 tu, na kupita hapo unahitaji waya wenye chipu, ule ulioandikwa 5A au 100W. Ikikaa dakika 30 hapo bila kukatika, jirani amekosa. Ipate joto, hiyo ni kawaida, ila usiifunike na mto wala nguo, maana nyingi zikizidi joto hujipunguza zenyewe na utarudi kwangu na swali lilelile.

Na ukishaacha A wazi, laptopu C1 na simu C2, kisha kioo bado kikaandika `Charging` tupu badala ya `Fast charging`, usiiguse chaja. Badilisha kwanza waya wa simu, halafu chungulia tundu la chini la simu kwa tochi. Vumbi la mfukoni likishindiliwa humo, waya hauingii mpaka mwisho na ncha zinazobeba mazungumzo hazigusani vizuri, hivyo mazungumzo yanakatika na simu inaweza kubaki na volti 5 za kila mtu, au isichaji kabisa. Zima simu, litoe kwa kijiti cha meno cha mbao, polepole, kisha uchomeke tena.